Kuupiga upya ushuru wa mzigo: tofauti na ejenti hutoka wapi?

"Nimeagiza chupa za chai kutoka China. Nikipiga hesabu ya ushuru napata shilingi 900,900, lakini kwenye taarifa ya ejenti wangu imeandikwa 965,250. Hizo zingine zimetoka wapi?"

Dalili nyingi zinaelekeza kwenye nauli, na unaweza kulijua hilo kabla hujampigia ejenti simu. Tuanze na hesabu yako mwenyewe, maana wafanyabiashara wengi wa Kamukunji na Eastleigh huwalaumu maejenti bure, kosa likiwa kwenye kikokotoo chao.

Tuseme ankara ya muuzaji ni dola 12,000, bei ya FOB, yaani mzigo ukiwa umeshapakiwa melini huko China. Nauli ya meli hadi Mombasa ni dola 1,800, na bima ya safari ni dola 200. Jumla ni dola 14,000. Ukizizidisha kwa kiwango cha fedha kilichoandikwa kwenye entri, yaani tamko la forodha ambalo ejenti hukujazia, tuseme shilingi 130, unapata 1,820,000. Hiyo ndiyo thamani ya forodha. Tumia kiwango cha kwenye entri, si kile ulichonunulia dola zako benki, kwa kuwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikokotoi kwa bei uliyoipata wewe.

Tuchukue pia kwamba msimbo wa bidhaa yako uko kwenye kiwango cha asilimia 25 katika jedwali la ushuru la Afrika Mashariki, ambalo lina ngazi za 0, 10, 25 na 35. Mengine hufuata hivi, IDF ikiwa ada ya tamko la uagizaji na RDL tozo ya maendeleo ya reli:

```
Ushuru  1,820,000 × 25%              = 455,000
IDF     1,820,000 × 2.5%             =  45,500
RDL     1,820,000 × 2%               =  36,400
VAT    (1,820,000 + 455,000) × 16%   = 364,000
Jumla                                = 900,900
```

Angalia mstari wa VAT. Hapo ndipo watu hujikwaa. Mtu hujumlisha 25, 2.5, 2 na 16, anapata asilimia 45.5, anazidisha na kutoka na 828,100. Kisha anamshika ejenti shati kwa shilingi 72,800 ambazo ni halali kabisa: ni VAT inayotozwa juu ya ushuru wenyewe. Wewe umelipita shimo hilo, kwa hiyo tofauti yako ni ya namna nyingine.

Sasa ukiangalia vizuri, kila shilingi moja inayoongezwa kwenye thamani ya forodha huzaa senti 25 za ushuru, mbili na nusu za IDF, mbili za RDL, na 20 za VAT. Jumla ni senti 49 na nusu. Kwa hiyo tofauti yoyote iliyosababishwa na thamani kuongezwa, ukiigawanya kwa 0.495, itakuonyesha ni kiasi gani kilichoongezwa. Tofauti yako ni 64,350. Igawanye: 130,000. Kwa kiwango cha 130, hizo ni dola 1,000 kamili. Namba iliyotulia hivyo haitokei kwa bahati. Kuna mtu aliyeongeza dola elfu moja mahali fulani kwenye hesabu.

Itoe ankara ya nauli uisome mstari kwa mstari. Kampuni nyingi za usafirishaji huuza huduma ya kutoka kwa muuzaji hadi mlangoni kwako, na jumla yake huwekwa chini kwa herufi nene: dola 2,800. Juu yake utakuta mistari miwili: nauli ya meli hadi Mombasa 1,800, na lori kutoka Mombasa hadi ghala lako Nairobi 1,000. Huenda aliyejaza entri alichukua ile ya herufi nene. Lakini kama mzigo ulitolewa Mombasa, gharama ya lori baada ya hapo haiingii kwenye thamani ya forodha, mradi imeandikwa kando. Kama ankara ina jumla pekee bila mgawanyo, huna cha kumwonyesha ofisa wa forodha. Ndiyo maana mgawanyo huo uombwe mapema, kabla meli haijafika.

Kugawanya kwa 0.495 hakufichui kila kitu. Ingekuwa ejenti ametumia kiwango tofauti cha fedha, kila shilingi moja ya tofauti ya kiwango ingekugharimu 6,930 kwa mzigo huu wa dola 14,000. Ili kufikia 64,350 dola ingebidi iwe imepanda kwa shilingi tisa na ushei, jambo lisiloaminika kwa wiki moja. Ingekuwa bidhaa imewekwa kwenye ngazi ya 35 badala ya 25, tofauti ingekuwa 211,120. Ejenti anayetumia jedwali la zamani, lenye IDF ya asilimia 3.5 iliyokoma katikati ya 2023, angekosea kwa 18,200. RDL nayo ilirudi asilimia 2 mwishoni mwa Desemba 2024 baada ya kukaa kwenye 1.5, kwa hiyo hesabu ya mzigo wa mwaka huo isilinganishwe na ya leo. Kosa lingine la kawaida ni ankara iliyokwisha kuwa CIF, yaani yenye nauli na bima ndani yake, kuongezewa nauli mara ya pili. Kwa mzigo huu lingekuwa 115,830. Kila kosa lina alama yake.

Baada ya kujua kiasi, swali ni fedha zilikwenda wapi. Taarifa ya ejenti haiwezi kukujibu, kwa sababu ni karatasi yake mwenyewe. Muombe vitu viwili: entri iliyopitishwa kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, na stakabadhi ya malipo ya KRA yenye namba ya entri hiyo. Mara nyingi maejenti huandika mstari mmoja tu, "ushuru na kodi", na hapo huchanganya na ada za bandari au ada yao ya kazi, ambayo nayo hutozwa VAT. Hayo yatenganishwe kwanza.

Ukikuta entri ina nauli ya dola 2,800 na KRA imepokea 965,250, ejenti amekosea kwenye kujaza lakini hajala kitu. Fedha ziko serikalini, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa miezi 12 tangu siku ya kulipa kudai zirejeshwe. Ambatisha ankara ya nauli yenye mistari miwili. Bila hiyo dai halina miguu.

Ukikuta entri ina 1,800 na stakabadhi inasema 900,900, hilo si suala la KRA tena. Shilingi 64,350 zako ziko kwa ejenti, na ukiwa umesajiliwa kwa VAT huwezi kuziingiza kwenye madai yako ya VAT, maana kinachodaiwa ni VAT iliyo kwenye entri peke yake.

Kuna uwezekano wa tatu, nao huwaudhi watu zaidi. Ofisa wa forodha anaweza kutoiamini bei ya ankara na kupandisha thamani kwa kulinganisha na mizigo inayofanana. Hapo nauli kwenye entri itakuwa ile ile 1,800, lakini thamani ya bidhaa itasomeka 13,000 badala ya 12,000, na kugawanya kwa 0.495 kutatoa dola 1,000 zile zile. Usimlaumu ejenti kwa ongezeko lenyewe. Muulize kama alipeleka uthibitisho wa malipo yako ya benki kwa muuzaji thamani ilipohojiwa, au alilipa tu ili kontena litoke.