Barua ya rambirambi ya kazini ni barua ya namna gani?

Huku Tabora neno rambirambi limebeba mambo mawili: salamu za pole, na fedha zinazotiwa kwenye bahasha na kuandikwa kwenye daftari pale msibani. Mwakilishi wa kazini akishakabidhi bahasha na kusema maneno mawili matatu chini ya turubai, wengi huona mwajiri ameshamaliza. Barua ni kitu cha tatu. Fedha zinaisha kwenye mazishi, lakini barua inaingia kwenye mfuko wa vyeti, na iko siku mtoto ambaye leo anabebwa mgongoni ataisoma.

Shida huanzia juu kabisa ya karatasi. Karani huchukua muundo uleule wa barua zote za ofisi: Kumb. Na., kisha "YAH: RAMBIRAMBI", na chini kabisa "Nakala kwa Mhasibu". Mjane ameshaona karatasi ya sura hiyo, siku mumewe alipoandikiwa barua ya onyo. Kumbukumbu namba ibaki kwenye nakala ya faili. Ndani yanafuata "masikitiko makubwa", "mchapakazi hodari" na "pengo lisilozibika", kisha "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", hata kama nyumba ni ya Waislamu na wanaume wametoka makaburini na kofia zao.

Niliwahi kuandika moja ya mpimaji wa ghala la asali. Faili lake lilinipa tarehe ya kuajiriwa na siku za likizo, basi. Nikashuka ghalani, nikakaa na wapakiaji kama nusu saa, nikawauliza alikuwa anafanyaje kazi. Swali la alikuwa mtu wa namna gani sikuliuliza, maana jibu lake kila mahali ni "alikuwa mtu wa watu". Ikatoka hivi:

"Shemeji yetu, pole sana wewe na watoto.

Mumeo alikaa nasi miaka 9, karibu yote kwenye mizani. Kabla ya kupima asali ya mtu, aliweka kwanza ndoo tupu na kumwita mwenye mali aje asome uzito mwenyewe. Foleni ilichelewa, na sisi wa ofisini tulimlalamikia. Lakini wafugaji wa nyuki kutoka Sikonge walimsubiri yeye, hata mizani ya pili ikiwa haina mtu. Kijana anayepima sasa alifundishwa naye, na ndoo tupu bado inatangulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Jumamosi nitakuja nyumbani kukusalimu."

Sentensi ya kulalamika iliniletea ubishi. Meneja alitaka itoke, akisema barua ya msiba haitaji ugomvi. Nikamwambia mjane anaijua habari hiyo, kwa sababu mume alikuwa akirudi nayo nyumbani jioni. Tukiificha, atajua na sifa nyingine tumezipamba. Ikabaki.

Kisicho ndani ya barua nacho kina sababu. Hakuna neno kuhusu mafao. Barua kama hii husomwa kwa sauti mbele ya ndugu, na ukiandika "stahili zake atalipwa mke wake" umeshajiingiza kwenye kikao cha ukoo, kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Mshahara uliobaki na karatasi za NSSF zinahitaji barua yake ya pekee, baadaye kidogo, yenye jina la mtu wa kumfuata. Hiyo ndiyo yenye haki ya kuwa na YAH. Ofisi moja niliyopitia zamani ilimalizia rambirambi kwa kuomba funguo za stoo na simu ya kazi virudishwe. Funguo zilirudi siku hiyohiyo, zimefungwa ndani ya barua yenyewe.

Aliyefia kazini ni habari nzito zaidi. Hapo kuna madai ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwanasheria wa kampuni atataka kila sentensi ipoe mpaka isiseme kitu. Usiandike nani alikosea, kwani uchunguzi haujaisha. Lakini familia ina kiu ya kujua alikuwa na nani dakika zile, nani alimshika, nani alipanda naye gari kwenda hospitali. Kama mnajua kwa hakika, andikeni. Chanzo cha kifo kwa aliyeugua nyumbani msikitaje kama wenyewe hawajakitaja.

Ile ya mpimaji ilichapwa ukurasa mmoja, ikatiwa sahihi ya kalamu, wala haikurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Aliyeipeleka ni yule kijana wa mizani, maana meneja angekaribishwa kwenye kiti sebuleni, na yeye aliingia moja kwa moja hadi uani.