Mauzo na kodi ya pango: kwa nini kiwango kimoja cha punguzo hakitoshi

Majedwali mengi ya miradi yanayofika kwenye dawati letu la tathmini yametengenezwa kwa njia moja. Mwombaji huchukua mauzo ya kila mwaka, akatoa gharama zote, kisha kile kinachobaki akakishusha hadi thamani ya leo kwa kiwango kimoja cha punguzo, yaani asilimia inayopunguza fedha za baadaye kwa kila mwaka wa kuzisubiri. Hesabu yenyewe huwa sahihi. Kasoro huwa imeingia mapema, pale fedha zenye hatari tofauti zilipotiwa kapu moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti Singida. Mwenye kiwanda anatarajia kwamba kila mwaka, akishalipia mbegu, umeme na vifungashio, mauzo yatamwachia shilingi milioni 160. Ghala na mashine ni vya kukodi: milioni 120 kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka 5 usiovunjika. Kuanza kunahitaji milioni 90. Wakamuaji wanaomiliki mashine zao wenyewe hudai faida ya asilimia 20 kwa fedha wanazoweka, naye anaazima kiwango hicho.

Kwa njia yake, baki ni milioni 40 kwa mwaka. Kwa asilimia 20, miaka 5 ya fedha hizo ina thamani ya leo ya milioni 119.6. Ukitoa 90, mradi unaacha takriban milioni 30. Unaonekana mzuri.

Sasa tutenganishe. Zile milioni 160 zinategemea mvua, bei ya mbegu na ushindani wa mafuta ya kula kutoka nje, kwa hiyo asilimia 20 inazifaa: ndiyo hatari ya biashara ya kukamua yenyewe. Thamani yake ya leo ni milioni 478.5. Kodi haijui mvua. Itadaiwa mwaka wa neema na mwaka wa ukame vilevile, kwa hiyo inafanana na rejesho la mkopo kuliko inavyofanana na mauzo. Tuseme kiwanda hiki kingeweza kukopa kwa dhamana, kwa muda huohuo, kwa asilimia 12. Kwa kiwango hicho kodi ya miaka 5 ina uzito wa milioni 432.6 leo. Toa hizo, toa na 90 za kuanzia, unabaki na hasara ya milioni 44.

Wengi hukwama hapa, kwa sababu wamezoea kwamba kiwango kikubwa ni tahadhari. Kwa fedha zinazoingia ni kweli. Kwa fedha zinazotoka, kiwango kikubwa hulifanya deni lionekane jepesi, na huo si uangalifu tena. Angalia baki lenyewe: mapato hayo ya milioni 160 yakishuka kwa asilimia 10, baki la milioni 40 linashuka hadi 24, yaani asilimia 40. Yakishuka kwa robo, halibaki kitu. Asilimia 20 ya wenye kumiliki mashine haiwezi kulipima baki linaloyumba hivyo.

Wahasibu hawatashangaa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16, kilichoanza kutumika Januari 2019, kinamtaka mpangaji apige thamani ya leo ya kodi kwa riba iliyomo ndani ya mkataba, na isipopatikana kwa urahisi, kwa riba ambayo yeye mwenyewe angekopea.

Riba hiyo ndiyo tunayoigombania zaidi. Katika mfano wetu mradi unageuka kwenye asilimia 16.5 hivi, mtu anayekopeshwa kwa 17 ataona faida ndogo ya takriban milioni 4.6. Je, anayekopeshwa ghali ndiye anayefaa kukodi mashine? Hapana. Riba yake iko juu kwa sababu mkopeshaji anaogopa hatalipwa, na wepesi anaouona kwenye kodi ni ule uwezekano kwamba siku moja atashindwa kuilipa. Hasara hiyo itamwangukia mwenye mashine. Binafsi, faida ya namna hiyo siihesabu kuwa ya mradi.

Mbegu na umeme hatukuvipa kiwango cha chini kwa makusudi: uzalishaji ukipungua, navyo vinapungua, basi vinasafiri pamoja na mauzo. Kodi inayotozwa kama sehemu ya mauzo nayo iko upande huohuo. Na ikiwa imeandikwa kwa dola, haijafungwa kwa shilingi hata kidogo. Ishushe kwanza kwa riba ya mkopo wa dola, kisha ubadilishe kwa bei ya leo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua jedwali, tunafungua mkataba na kutafuta kifungu cha kuuvunja. Kama mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi 3 bila faini, kilichofungwa kweli ni kodi ya miezi hiyo 3 tu. Iliyobaki ataendelea kuilipa ikiwa alizeti inamlipa.