Sekunde 150 za DNS kuhamia seva ya akiba

Wanaoniomba niwasanifie mfumo wenye vituo viwili mara nyingi hudhani kwamba wageni hupita ndani ya DNS, na kwamba kituo kimoja kikizimika itawageuza njia papo hapo. Hakuna mgeni anayepita humo. DNS hujibu tu kwamba jina fulani liko kwenye anwani fulani, kisha kivinjari hujiendea chenyewe, na jibu lile huhifadhiwa njiani kwa muda unaotajwa na TTL.

Tuchukue jina `app.example.com` lenye rekodi mbili za aina ya A katika Route 53, huduma ya DNS ya Amazon: ya msingi ni 203.0.113.10 na ya akiba ni 198.51.100.20, zote zikiwa na TTL ya sekunde 60. Ukaguzi wa afya unaiomba seva ya msingi ukurasa wa `/health` kila baada ya sekunde 30, na seva huhesabiwa kuwa mbovu ikishindwa mara 3 mfululizo. Seva hiyo ikikatika, zitapita takribani sekunde 90 kabla anwani ya akiba haijaanza kutolewa. Hata hapo, seva ya majina ya mtoa intaneti iliyouliza muda mfupi kabla ya mabadiliko itaendelea kutoa jibu la zamani kwa karibu sekunde 60 zaidi. Jumla ni kama sekunde 150, tena kwa wanaoiheshimu TTL, kwa maana zipo programu zinazouliza mara moja tu zinapowashwa na kuling'ang'ania jibu hilo mpaka ziwashwe upya.

Hali halisi huonekana kwa amri hii:

```
dig +noall +answer app.example.com
app.example.com.  41  IN  A  203.0.113.10
```

Hiyo 41 ni sekunde zilizosalia kabla seva ya majina haijauliza upya. Mtu akilalamika kwamba bado anapelekwa kwenye seva iliyokufa, namba hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza. Ukaguzi unaweza kufanywa kila sekunde 10, ila mimi siupunguzi chini ya majaribio 3, kwa kuwa mtikisiko mdogo wa mtandao utawahamisha wageni bila sababu.

Jambo gumu zaidi ni kuamua `/health` ipime nini. Ikirudisha 200, yaani jibu la kwamba mambo ni sawa, ilhali hifadhidata imekufa, hakuna kitakachohama. Ikipima hifadhidata inayotumiwa na vituo vyote viwili, hitilafu moja itaviangusha vyote kwa pamoja, na rekodi zote mbili zikiwa na ukaguzi, Route 53 itarudi kutoa ile ya msingi. Ya akiba isipowekewa ukaguzi huhesabiwa kuwa nzima daima, hivyo wageni wote watapelekwa huko hata kama nayo haifanyi kazi.