Kwa nini aliyekaa safu ya juu Epidauro humsikia mwigizaji

Ukumbi wa maigizo wa Epidauro, kusini mwa Ugiriki, ulijengwa kwenye mteremko wa kilima katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Baadaye uliongezewa safu za juu, zikafika 55, na watu wapatao 13,000 wanaenea humo. Aliyekaa juu kabisa yuko karibu mita 60 kutoka katikati ya orkestra, yaani ule uwanja wa duara ulio chini, na bado anayafuata maneno ya mwigizaji bila kipaza sauti. Wengi hudhani mawe ndiyo yanayoikuza sauti. Sehemu kubwa ya siri ni kwamba pale sauti inapata vizuizi vichache sana njiani.

Tuanze na hesabu. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ukienda kutoka mita 1 hadi mita 60 umepoteza desibeli 35 hivi. Mtu anayezungumza kawaida hutoa kama desibeli 60 akiwa mita 1 mbele yako, kwa hiyo huko juu zingebaki kama 25, na upepo mdogo tu kwenye majani unatosha kuzifunika. Anayepaza sauti kwa mazoezi huweza kuanza na 75 au zaidi, na zikibaki 40 mahali palipotulia, maneno yanasikika. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uko kwenye kifua cha mwigizaji. Hakuna ukumbi unaoweza kumwondolea mzigo huo.

Sasa mteremko. Kwenye uwanja tambarare sauti husafiri ikiambaa juu ya vichwa, na nguo na miili ya watu wa mbele huinyonya kabla haijafika nyuma. Pale Epidauro viti vinapanda kwa nyuzi 26 hivi, kwa hiyo kila msikilizaji anaonana moja kwa moja na mwigizaji, na panapopita macho sauti nayo hupita. Pia sakafu ya orkestra, udongo ulioshindiliwa, inarudisha sauti kuelekea viti. Sauti hiyo ya pili hufika milisekunde chache tu baada ya ile ya moja kwa moja, mapema kiasi kwamba sikio haliisikii kama mwangwi: linaiunganisha na ya kwanza na kuiona moja yenye nguvu zaidi. Na kwa kuwa hakuna paa wala kuta za pembeni, hakuna mvumo unaobaki hewani kuzifunika silabi zinazofuata, kama unavyotokea katika kanisa kubwa la mawe.

Mwaka 2007 watafiti Nico Declercq na Cindy Dekeyser walionyesha kwa hesabu kwamba ngazi zenyewe nazo zina kazi. Kingo za safu za mawe ya chokaa hutawanya mawimbi mafupi, yale ya sauti nyembamba, na kuwarudishia wasikilizaji kutoka nyuma yao, huku mawimbi marefu ya sauti nzito, ya chini ya hertzi 500 hivi, yakidhoofika. Wimbi la hertzi 500 lina urefu wa sentimita 69, kipimo kinachokaribiana na upana wa safu moja, na ndiyo maana mpaka unaangukia hapo. Kelele za upepo na mvumo wa umati ziko kwa wingi upande huo wa chini, basi ndizo zinazopunguzwa.

Lakini sauti ya mwanamume nayo huanzia kama hertzi 100. Mbona haiharibiki? Kwa sababu ubongo huijaza sehemu iliyokosekana kutokana na masafa ya juu, yaani mitetemo ya kasi zaidi, yanayobaki. Simu ya kawaida hukata masafa ya chini ya hertzi 300, na hata hivyo unamtambua mjomba wako mara tu anapoita. Konsonanti, ambazo ndizo zinazotofautisha maneno, ziko juu zaidi na hazikuguswa.

Waongoza watalii hupenda kuangusha sarafu katikati ya duara na kusema inasikika kila mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eindhoven waliupima ukumbi huo na mwaka 2017 wakatoa majibu makavu: sarafu inasikika hadi juu, ila aliye juu hawezi kutambua kuwa ni sarafu, na mnong'ono hauvuki safu za mbele. Maneno yanayopazwa kwa nguvu ndiyo yanayoeleweka hadi nyuma.

Vipimo hivyo ni vya magofu, maana jengo lililokuwa nyuma ya waigizaji, skene, halipo tena. Zamani ukuta wake ungerudisha sauti zaidi kuelekea watu. Leo mwigizaji akigeuza uso pembeni, konsonanti hupungua kwanza, kwa kuwa masafa ya juu hutoka zaidi mbele ya mdomo. Aliye juu bado atasikia kuwa kuna mtu anasema, ila maneno yatamponyoka.