Bosi, kati ya ripoti mbili za Oktoba hakuna ya uongo (ila hesabu ya "toa asilimia 18" haiko sawa)

Bosi wangu, habari za kazi. Nimeona nikuandikie kwa kirefu na niiweke hapa bloguni kabisa, kwa sababu swali hili silisikii kwako tu, kila ofisi niliyopita meneja akiona ripoti mbili zina namba mbili anauliza "ipi ni ya uongo?" na kabla sijajibu mtu ameshapendekeza tuite fundi wa mfumo au tumuulize keshia vizuri.

Namba zenyewe hizi hapa. Dashibodi ya mauzo inasema Oktoba 2024 tumeingiza shilingi 94,400,000. Ripoti ya fedha, ile inayojituma yenyewe kwa imeili, inasema 77,350,000. Tofauti ni 17,050,000, na naelewa kwa nini ulishtuka.

Sasa kwenye kikao mtu akatoa simu, akapiga hesabu: 94,400,000 toa asilimia 18 ya VAT unabaki na 77,408,000, ukilinganisha na fedha imezidi 58,000 tu, "si ndo hiyo hiyo jamani, tufunge". Na watu wakaitikia! Hapo ndo niliponyamaza nisije nikasema kitu.

VAT haitolewi hivyo. Bei ya dukani kwetu tayari ina kodi ndani, na ile 18 ni asilimia ya bei kabla ya kodi, sio ya bei anayolipa mteja. Kitu cha 100,000 mteja analipa 118,000. Ukitoa asilimia 18 ya 118,000 unapata 96,760, yaani umempa TRA 3,240 ambazo hakukudai. Unagawa kwa 1.18, basi. Kwa hiyo 94,400,000 ukigawa kwa 1.18 unapata 80,000,000, na pengo halisi na ripoti ya fedha sio 58,000, ni 2,650,000. Ile 58,000 ni bahati mbaya tu, kosa la hesabu limekuja na saizi inayokaribia kabisa pengo lingine likalifunika. Mimi naogopa namba zinazokaribiana kuliko zinazopishana mbali, zinazopishana mbali angalau watu wanaendelea kutafuta. (Kuanzia hapa namba zote nimeshaondoa VAT, isipokuwa pale nitakaposema ina VAT.)

Hiyo 2,650,000 imetoka wapi? Kubwa zaidi ni saa. Seva yetu inahifadhi muda kwa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele yake kwa masaa matatu. Dashibodi inachuja hivi:

```sql
WHERE paid_at >= '2024-10-01'
  AND paid_at <  '2024-11-01'
```

Inaonekana safi kabisa, ila kwa seva inayosoma UTC, Oktoba inaanza saa tisa usiku wa tarehe 1 kwa saa zetu na inaisha saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Siku za kawaida husikii kitu, nani ananunua friji saa nane usiku? Lakini kumbuka ofa ya Novemba mliitangaza ifunguke saa sita kamili usiku, watu wakasubiri na simu mkononi, na kati ya saa sita na saa tisa tukauza 1,900,000. Kwa fedha hayo ni mauzo ya Novemba, kwa dashibodi ni ya Oktoba. Upande wa pili, masaa matatu ya mwanzo wa Oktoba yenye 150,000 dashibodi imeyasukumia Septemba. Toa moja kwa lingine, dashibodi imezidi kwa 1,750,000.

Ukitaka kujua ripoti inasoma saa gani bila kufungua msimbo wake, panga mauzo kwa saa uangalie kilele. Wateja wetu wananunua sana mida ya saa mbili usiku, wakishatulia nyumbani. Kama kilele kinakaa 20:00 hiyo ni saa yetu, kama kinakaa 17:00 unaangalia UTC. Kurekebisha ni rahisi, unaandika mpaka wenye saa yetu:

```sql
WHERE paid_at >= timestamptz '2024-10-01 00:00+03'
  AND paid_at <  timestamptz '2024-11-01 00:00+03'
```

Hili nalirekebisha wiki hii, hakuna mjadala.

Imebaki 900,000, na hapa ndo penye ubishi wa kweli kwa sababu hakuna wa kurekebishwa. Mzigo uliouzwa Septemba ukarudishwa Oktoba unapunguza mauzo ya mwezi gani? Dashibodi inarudi nyuma kufuta mauzo ya Septemba, kwa sababu watu wa masoko wanataka kujua tangazo la Septemba lilileta mauzo yaliyobaki kiasi gani. Fedha haigusi Septemba, imeshafungwa na ritani ya VAT imeshaenda, kwa hiyo kredit noti inaingia mwezi ilioandikwa. Marejesho ya namna hiyo ni 1,300,000, fedha imeyakata Oktoba, dashibodi haijayakata humo. Halafu kinyume chake, mizigo ya Oktoba iliyorudi Novemba mpaka tarehe 20 nilipotoa ripoti ni 430,000, hiyo dashibodi imeikata Oktoba na fedha itaikata Novemba. Tofauti ni 870,000.

Na ndo maana bosi, skrinshoti yako ya tarehe 3 Novemba ilisema 94,907,400 na leo inasema 94,400,000, zote mbili zikiwa na VAT ndani. Hakuna aliyechezea. Pungufu ya 507,400 ni ile 430,000 pamoja na VAT yake, mizigo imerudi tu. Ukiifungua Desemba inaweza kushuka tena. Dashibodi haina mwezi uliofungwa na haikutengenezwa kuwa nao, kwa hiyo usiipeleke kwenye bodi, bodi peleka ya fedha. Kuangalia tangazo gani limelipa, fungua dashibodi.

Kuna kitu wahasibu watanikumbusha wenyewe, bora niseme mimi. Ripoti zote mbili zinahesabu mauzo siku mteja anapolipa. Kwa kanuni ya uhasibu ya IFRS 15 mapato ya bidhaa yanahesabiwa pale mteja anapopata udhibiti wa mzigo, kwetu kwa kawaida ni akishaupokea, sasa aliyelipa jioni ya tarehe 31 akapokea tarehe 2 ni wa mwezi gani? Kwa ukali wa kanuni ni Novemba, maana yake hata ripoti ya fedha inawahi kidogo. Kwa mizigo ya Dar inayofika siku hiyohiyo sioni shida, ya mikoani sijui ukubwa wake na sitaki kubuni namba.

Jumlisha sasa: 1,750,000 na 870,000 ni 2,620,000. Bado 30,000 sijaipata. Nimeambiwa "hiyo ni kukata senti tu", hapana, kukadiria kwenye shilingi nzima iliyo karibu hakuzidi nusu shilingi kwa kila oda, ungehitaji oda elfu sitini zote zikosee upande mmoja na hatuna hata robo ya hizo. Na ule mstari wa "marekebisho" mlioniomba niuweke Eksel ili zilingane, siuweki, mwezi ujao nao utaanza kufichia vitu vingine.

Ninavyoshuku ni mteja aliyerudishiwa hela kwa simu na dawati la huduma, fedha wakaandika kredit noti, mfumo wa oda haukuambiwa. Nimeomba daftari lao la marejesho. Na huko nitakuwa natafuta 35,400, sio 30,000, maana mteja alirudishiwa pamoja na VAT.