Achraf au Ashraf? Tahajia ya majina ya kigeni katika habari za Kiswahili

Tarehe 6 Desemba 2022, karibu saa tatu usiku, Achraf Hakimi aliupiga polepole mkwaju wa mwisho wa penalti katikati ya goli, na Moroko ikaitoa Hispania katika Kombe la Dunia kwa mikwaju 3 kwa 0 baada ya dakika 120 zisizo na bao. Usiku huo nilikuwa mhariri wa zamu katika dawati la habari za kimataifa. Habari iliyonifikia kutoka kwa mwandishi wetu kijana ilikuwa imesafishwa majina kwa bidii: Achraf amekuwa Ashraf, Yassine Bounou amekuwa Yasini Bunu, Youssef En-Nesyri amekuwa Yusufu Nusairi, na kocha Walid Regragui amekuwa Walidi Rikraki. Nilipomuuliza alijibu kwamba hayo ni majina ya Kiarabu, nasi tunayo tangu enzi za mababu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuyaandika kwa Kifaransa. Hoja yake ilikuwa na uzito. Hata hivyo niliyarudisha yote manne kama yalivyokuja, na kwa kuwa usiku ule hapakuwa na nafasi ya kumweleza vizuri, nayaandika maelezo hayo hapa.

Tuanze pale alipokuwa sahihi. Tahajia inayoletwa na mashirika ya habari mara nyingi si ya mwenye jina, bali ni ya lugha ya tatu iliyolipokea kabla yetu. Majina ya Moroko, Aljeria na Tunisia yamepita mikononi mwa Wafaransa, na Mfaransa huandika sauti zake kwa namna yake: sauti yetu ya u huiandika ou, ya sh huiandika ch, na ya j huiandika dj. Ikiwa g inafuatwa na e au i, huichomekea u katikati ili isibadilike sauti. Kiswahili hakihitaji hata moja katika mbinu hizo, kwa sababu sauti zote hizo tunazo na kila moja ina herufi zake. Tabu kubwa iko kwenye ch, ambayo kwetu ni ya chai na chakula. Nimewahi kumsikia msoma habari akimtaja Rached Ghannouchi, kiongozi wa chama cha Ennahda cha Tunisia, kwa ch ya chai, ilhali mdomo wake ungetamka Rashid Ghannushi bila taabu yoyote kama angeandikiwa hivyo. Jina la Djibouti tulishalimaliza zamani kwa kuandika Jibuti, na leo hakuna anayelalamika.

Kwa nini basi nisimfanye Achraf kuwa Ashraf? Jibu liko kwenye swali ambalo kijana hakuliuliza: mtu huyu jina lake liliandikwa kwanza wapi, na kwa herufi gani? Regragui alizaliwa mwaka 1975 Ufaransa, katika mji wa Corbeil-Essonnes. Hakimi alizaliwa Madrid na Bounou alizaliwa Montreal. Katika kikosi kile cha wachezaji 26, waliozaliwa nje ya Moroko walikuwa 14. Mtu wa namna hiyo amekua akiliandika jina lake kwa herufi za Kilatini shuleni, kwenye pasipoti na kwenye mikataba, na herufi hizo ni mali yake kama zilivyo mali ya Emmanuel Macron herufi za jina lake. Hakuna mhariri wa Kiswahili anayeandika Makroni, na sioni kwa nini Regragui astahili heshima pungufu kwa sababu tu babu yake aliandika kwa Kiarabu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifurahisha nilipolichunguza. Kijana alidhani anayarudisha majina kwenye asili, kumbe aliyapeleka kwenye Kiarabu cha vitabuni. Jina la kocha huandikwa kwa Kiarabu kwa herufi kaf, na ukilisoma kama lilivyoandikwa utapata Rikraki. Wamoroko wenyewe hulitamka kwa g, na ile gu ya Kifaransa iliwekwa pale mahususi ili kuihifadhi g hiyo. Vivyo hivyo En ya En-Nesyri ni al ya Kiarabu ambayo l yake imemezwa na n inayofuata, na irabu za Nesyri ni za kinywa cha Moroko, wakati Nusairi ni za darasani. Kwa hiyo kama tungeamua kweli kuwaandika kwa Kiswahili, kwa kufuata wanavyotamkwa kwao, tungepata Regragi na Nesiri. Rikraki na Nusairi si Kiswahili wala si Kimoroko. Na zile irabu alizoziongeza mwishoni, Yusufu na Walidi, ni mazoea yetu ya bara, ambako Rashid huwa Rashidi na Khamis huwa Hamisi. Mtu wa Unguja angeziacha. Haifai kumvisha mgeni lahaja ya upande mmoja wa nchi.

Liko pia suala la utafutaji, ambalo sipendi kulipa uzito kupita kiasi lakini siwezi kulipuuza. Shabiki anayetaka habari za mchezaji huandika kwenye simu kile alichokiona kwenye orodha ya kikosi. Habari iliyoandikwa Bunu peke yake hataipata, na akiipata atauliza kama ni kipa yuleyule anayemjua kama Bono.

Sheria hii hunibana hata majirani wanapohusika. Rais wa Komoro ni Azali Assoumani, na kila msomaji wa pwani anajua kwamba Assoumani ni Athumani, jina la nusu ya mtaa wake. Rais wa Kongo ni Félix Tshisekedi, ambaye tsh yake ni ch yetu iliyoandikwa na Wabelgiji, kwa hiyo anatamkwa Chisekedi. Yote mawili nayaacha kama wenyewe wanavyotia saini, na nafanya hivyo kwa shingo upande, maana hapa tahajia ya kikoloni inazuia jicho la Mswahili lisimtambue ndugu yake. Redioni, hata hivyo, silazimiki kuonyesha herufi. Katika karatasi ya kusomwa hewani huandika jina kama lilivyo, kisha matamshi ndani ya mabano kwa herufi kubwa na kwa tahajia ya Kiswahili: Tshisekedi (CHISEKEDI), Assoumani (ASUMANI), Regragui (REGRAGI). Msoma habari husoma cha ndani ya mabano. Kwa njia hiyo Kiswahili hufanya kazi yake ya kutamkisha bila kugusa jina la mtu.

Ninabadilisha lini, basi? Kwanza, majina ya nchi yaliyokwisha kukaa katika lugha. Hayo hayana mjadala: Misri, Ureno, Uturuki, Shelisheli, Msumbiji. Pale ambapo Kenya na Tanzania zinatofautiana, kama Uhispania na Hispania au Uchina na China, chombo kichague moja na kishikamane nayo. (Qatar naiandika kwa q, ingawa herufi hiyo haimo katika alfabeti yetu. Wapo wanaoandika Katari na siwasahihishi.) Pili, watu ambao jina lao tunalipokea kutoka maandishi mengine na hawana tahajia moja ya Kilatini wanayojulikana nayo. Hapo tahajia za Kiingereza na Kifaransa ni makisio tu, nasi tuna haki ya makisio yetu, ambayo kwa Kiarabu huwa mazuri zaidi kwa sababu dh, th, gh na kh tayari tunazo.

Mfano ninaoukumbuka kwa aibu ni wa Muammar Gaddafi. Mashirika ya Kiingereza huandika Gaddafi, ya Kifaransa huandika Kadhafi. Siku moja tuliunganisha taarifa mbili za vyanzo hivyo, na katika aya ya tatu Gaddafi alikuwa anahutubia, na katika aya ya tano Kadhafi alikuwa anapingwa, kana kwamba ni watu wawili. Kwa sauti, dh ya Kadhafi ndiyo iliyo sahihi, kwani katikati ya jina hilo la Kiarabu mna dhal iliyokazwa. Lakini nilichagua Gaddafi, kwa kuwa msikiti mkubwa wa Dodoma unaitwa kwa jina hilo na watu wanalisema hivyo kila siku. Jina likishapata kibao barabarani, mhariri amechelewa. Tangu siku ile, jambo la kwanza ninalofanya ninapounganisha vyanzo ni kutafuta kila jina kwenye maandishi yote na kuhesabu lina sura ngapi.

Mara nyingine kinachoamua si asili wala sauti, bali ni mgongano na maneno yetu wenyewe. Mwaka 2019 shirika la AP liliacha Kiev, inayotokana na Kirusi, na kuandika Kyiv kwa kufuata Kiukraine. Nasi tulifuata. Mwenzangu mmoja akapendekeza tuiandike kwa Kiswahili kama inavyosikika, yaani Kivu. Ilibidi nimkumbushe kwamba Kivu Kaskazini imo katika habari zetu karibu kila siku, nayo pia kwa sababu ya vita. Kyiv imebaki na y yake, na kwenye mabano ya redio tunaandika KIYIV.

Rais wa Misri, Abdel Fattah al-Sisi, ndiye anayenisumbua zaidi kwenye vichwa vya habari. Kichwa kinachoanza na "Sisi kukutana na wafadhili" kinamfanya msomaji ajiulize sisi akina nani, na herufi kubwa haisaidii kwa sababu ni neno la kwanza. Kwake sifupishi kamwe: ni al-Sisi, au Rais al-Sisi, hata kama kichwa kitazidi nafasi.

Kisha, tarehe 8 Mei 2025, makardinali walimchagua Robert Prevost. Mtu huyu mmoja anafuata sheria zote mbili: jina lake la kuzaliwa linabaki Robert Prevost, wala haliwi Roberti, lakini jina la kipapa hutafsiriwa kama Kanisa lenyewe linavyofanya, ndiyo maana tuna Yohane Paulo na Benedikto. Naye akachagua Leo. Rasimu ya kwanza ya kichwa cha habari iliyofika mezani kwangu usiku ule ilisema "Papa Leo kuhutubia leo". Niliifuta leo ya pili nikaandika Alhamisi. Kwa redio tulikubaliana kwamba atatajwa kwa ukamilifu kila mara, Papa Leo wa Kumi na Nne, ili anayesikiliza huku anapika asidhani ametangaziwa siku.