Riba ya benki, mlango wa duka na mwezi mtupu: kodi ya mwenye nyumba mwenye wapangaji watano

Lugha yetu inatuponza kidogo katika jambo hili. Mpangaji analipa kodi, mwenye nyumba analipa kodi, na nyumba yenyewe ina kodi yake. Kwa hiyo humu nitaita pango ile hela anayotoa mpangaji, na nitaita kodi kile kinachokwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Kuna na kodi ya jengo, ile inayokatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU. Hiyo ni kodi ya jengo kuwepo, hata likikaa tupu, na wala haipunguzi kodi ya pango. Kila mwezi ananijia mtu na risiti za LUKU akiamini ameshamaliza deni lake na TRA, na inaniuma kumwambia kwamba bado.

Mteja ninayetaka kumweleza hapa ni mama mstaafu wa Sakina, Arusha. Tarakimu nimezibadilisha, lakini mpangilio wa mambo ndio ule ule. Kiwanja chake kina nyumba tatu ndogo za ndani, kila moja pango la shilingi 250,000 kwa mwezi, na mbele barabarani kuna fremu mbili. Fremu ya kwanza ni duka la dawa, 400,000 kwa mwezi. Ya pili ni ofisi ya kampuni ya utalii, 600,000. Fremu alizijenga kwa mkopo wa benki. Alikuja na kaunta buku lenye jalada la kitambaa cha kitenge na bahasha ya risiti za mafundi, akaniambia, "Mwanangu, nipigie hesabu, lakini usisahau riba. Benki ndiyo inayokula pango langu lote."

Riba ya mwaka ilikuwa 3,000,000. Matengenezo yalikuwa 1,650,000: rangi, shimo la choo lililojaa, bati mbili na mlango wa fremu. Jumla 4,650,000. Alitaka kiasi hicho kitolewe kwanza, ndipo kodi ihesabiwe juu ya kinachobaki.

Jibu langu halikumpendeza. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, pango analolipwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania kwa ardhi au jengo linatozwa kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayelipa kabla hela haijamfikia mwenyewe, ya asilimia 10, na kama upangishaji huo si biashara anayoiendesha, kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Maneno "ya mwisho" yana uzito wake. Maana yake pango hilo haliunganishwi na mapato mengine, halipandi hadi ngazi ya asilimia 30, na gharama yoyote haikatwi ndani yake. Asilimia 10 inapigwa kwenye pango zima. Riba haiguswi, rangi haiguswi. Alichotarajia kuokoa, 465,000, hakipo.

Basi kazi yote inahamia kwenye swali moja: pango zima ni shilingi ngapi? Hapo ndipo nilipoona makosa yake, na ndipo ninapoyaona kwa wengi.

Tuanze na mwezi mtupu. Nyumba ya tatu ilihamwa mwisho wa Agosti, Septemba ikakaa bila mtu, na tarehe 1 Oktoba akaingia mpangaji mpya. Mama alifanya hesabu ya akili ya kawaida: nyumba tatu kwa miezi 12 ni 9,000,000, ukitoa mwezi mmoja zinabaki 8,750,000. Kwamba Septemba haina kodi, alikuwa sahihi kabisa. Kodi hii inafuata malipo, na pasipo malipo hakuna cha kutoza. Hana haja hata ya kuandika barua ya kujieleza. Lakini mpangaji mpya, kama ilivyo desturi ya mjini, alilipa miezi sita kwa mkupuo: 1,500,000, Oktoba hadi Machi.

Mtu binafsi ambaye pango lake si biashara anahesabu mapato kwa fedha zilizopokelewa, si kwa miezi iliyokaliwa. Ile 1,500,000 yote ni ya Oktoba. Januari, Februari na Machi ya mwaka unaofuata zimeshaingia kwenye mwaka huu. Hivyo nyumba ile ilimletea 2,000,000 kutoka kwa mpangaji wa kwanza kwa miezi minane, na 1,500,000 kutoka kwa wa pili, jumla 3,500,000. Zile nyingine mbili zililipwa Januari na Julai, 3,000,000 kila moja. Jumla ya nyumba za ndani ni 9,500,000. Mwaka uliokuwa na mwezi mtupu ukaingiza fedha nyingi kuliko mwaka uliojaa! Mama alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kidole juu ya meza kabla ya kukubali. Hapotezi kitu hapo. Ile miezi mitatu imelipiwa kodi mapema na haitatozwa tena Machi ikifika.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwenye daftari na kubwa kwenye sheria. Kwa duka la dawa, mbele ya mwezi Machi, aliandika kwa kalamu nyekundu: "Machi – mlango." Mwenye duka alibadilisha mlango wa chuma uliooza kwa 400,000 zake, wakakubaliana asilipe pango la mwezi huo. Mama akauhesabu mwezi wa Machi kama mwezi mtupu wa pili.

Machi haikuwa tupu. Fremu ilikuwa na mtu, na pango lililipwa kwa mlango badala ya noti. Kilichotokea ni mambo mawili yaliyopishana: mpangaji alidaiwa 400,000, na mama alidaiwa 400,000 za mlango wake. Wakafutiana. Pango la Machi linabaki 400,000 na linatozwa asilimia 10, na la mwaka ni 4,800,000. Kama ungekubali njia ya mama, matengenezo yangetolewa kwenye pango kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo sheria imelikataa kwa mlango wa mbele. Ukitaka kuutambua mwezi wa namna hii kwenye daftari lako, usiangalie kama hela iliingia. Jiulize kama kulikuwa na mtu ndani na kama kuna deni lililofutwa.

La tatu ni kampuni ya utalii. Hao walikuwa wanakata asilimia 10 kila mwezi na kumwekea 540,000 benki. Yeye akaandika 6,480,000 za mwaka. Pango lake ni 7,200,000, na ile 720,000 ni kodi yake iliyokwisha kulipwa kwa jina lake. Nilimtuma akaombe vyeti vya kodi ya zuio kwa miezi yote, kwa sababu cheti ndicho kinachothibitisha kwamba hela iliyokatwa ilifika TRA.

Sasa hesabu inakaa hivi. Nyumba za ndani 9,500,000, duka la dawa 4,800,000, ofisi 7,200,000. Jumla 21,500,000, na kodi ni 2,150,000. Ukiondoa 720,000 za kampuni, zinabaki 1,430,000.

Za duka la dawa, 480,000, zilipaswa kukatwa na mwenye duka, kwa kuwa analipa pango katika kuendesha biashara yake. Hakukata. Wengi hudhani kosa hilo ni la mpangaji peke yake, lakini sheria inawabana wote wawili kwa pamoja: aliyepaswa kuzuia na aliyelipwa bila kuzuiwa. Tuliketi nao wote wawili na tukakubaliana kwamba kuanzia mwezi unaofuata atamlipa mama 360,000 na kupeleka 40,000 TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwenye duka aliuliza swali la maana: "Mama ananiambia anataka laki nne mkononi, nifanyeje?" Kama mkataba unasema mwenye nyumba apokee 400,000 safi, pango halisi si tena 400,000. Unagawa 400,000 kwa 0.9, unapata 444,444, na kodi ni 44,444. Mkiandika kwenye mkataba pango kabla ya kodi, ugomvi huo hauzuki.

Kwa wapangaji wa nyumba za ndani, sikumshauri mama asubiri familia zimkate. Alichukua namba ya malipo kwa TIN yake mwenyewe. Zile 1,500,000 za Oktoba, kwa mfano, kodi yake ni 150,000, na ingekaa vizuri kama angeilipa kabla ya tarehe 7 Novemba, hela ikiwa bado ipo. Tatizo la pango la miezi sita ni kwamba linaishia kwenye ada ya shule na rejesho la mkopo, halafu kodi yake inatafutwa miezi ya baadaye ambayo haina kitu.

Hapo mama akanirudisha kwenye riba. Mwanawe alimwambia asajili kampuni, kwa sababu kampuni inatoa gharama zake kwanza kabla ya kodi. Ni kweli, na nilimpigia hesabu hiyo pia. Kampuni inahesabu pango la mwaka wenyewe, bila ile miezi mitatu ya mbele: 20,750,000. Inatoa riba 3,000,000 (marejesho ya mkopo wenyewe hayatolewi, ni riba tu), matengenezo 1,650,000, na uchakavu wa jengo asilimia 5 kwa mwaka, ambao kwa majengo ya thamani ya 60,000,000 ni 3,000,000. Faida inabaki 13,100,000. Kampuni inatozwa asilimia 30, yaani 3,930,000. Na hapo bado hujalipa mhasibu, wala kodi ya gawio siku unapozitoa fedha kwenye kampuni uzitumie mwenyewe.

Asilimia 30 ya faida inalingana na asilimia 10 ya pango pale tu gharama zinapofikia theluthi mbili ya pango. Gharama za mama, pamoja na uchakavu, ni 7,650,000 kwenye 20,750,000, kama theluthi moja na kitu. Ingebidi zifike karibu 13,800,000 ndipo kampuni ianze kumfaa. Mwenye mkopo mkubwa kwenye jengo jipya anaweza kufika huko miaka ya mwanzo. Yeye hayuko karibu.

Niseme na mpaka wa haya yote. Yanamhusu mtu binafsi anayepangisha nyumba zake kwa mikataba ya kawaida. Nyumba ya kulala wageni, au vyumba vyenye samani vinavyotolewa kwa watalii kwa usiku, ni biashara, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Mama alinunua kaunta buku jipya siku ile ile, pale stendi ndogo. Tulilichora safu tano: tarehe ya kupokea, nani amelipa, pango kamili kabla ya kukatwa chochote, kilichofutwa kwa matengenezo, na kodi ya asilimia 10 pamoja na tarehe iliyolipwa. Riba ameipa ukurasa wake wa nyuma, kwa sababu bado anaihitaji atakapokaa kupanga pango jipya la fremu mwezi Januari.